Kujaziwa Pensheni Hadi Kima cha Chini: Mwongozo kwa Wazee Wetu Walioko Uingereza

Kama wewe au mzazi wako mmestaafia Uingereza, na kipato cha wiki hakifiki pauni 227.10 kwa mtu anayeishi bila mwenza, au pauni 346.60 kwa mke na mume, basi huenda kuna fedha zenu ambazo hamjazichukua. Viwango hivyo, na vingine vilivyomo humu, ni vya mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025. Hubadilika kila Aprili, lakini namna ya kupiga hesabu inabaki ileile, na hiyo ndiyo ninayotaka uijue, kwa sababu ukishaijua utaweza kuikagua barua yoyote watakayokuletea.

Malipo yenyewe kwenye barua na kwenye tovuti ya serikali yameandikwa Pension Credit. Mimi nitayaita nyongeza. Yalianza Oktoba 2003, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka mmoja kabla, na kazi yake ni moja: serikali imeweka kima ambacho mzee hapaswi kuishi chini yake, halafu inatazama kipato chako, na pengo lililobaki inalijaza. Hayahusiani na miaka uliyochangia. Mtu aliyechangia miaka 30 na mtu ambaye hajachangia hata mmoja wanaweza kufikishwa kwenye kima kilekile.

Hii si kama pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza 2016, ambapo ukifika miaka 70 unalipwa bila kuulizwa una nini. Huku utaulizwa, na utaulizwa sana. Nadhani hapo ndipo wazee wengi wanapokwama. Mzee aliyefagia ofisi za watu London miaka ishirini anaona kuulizwa akiba yake ni kudhalilishwa, anakwambia, "Mwanangu, mie sijafika kuomba sadaka." Mjibu kwa adabu kwamba sadaka hutolewa na mtu akipenda, lakini hii imeandikwa katika sheria, na ukitimiza masharti hakuna ofisa mwenye hiari ya kukunyima.

Masharti ya kuingia ni machache. Uwe umefikia umri wa pensheni ya taifa, ambao ni miaka 66 na unapanda hatua kwa hatua kufikia 67 kati ya 2026 na 2028. Uwe unaishi Uingereza kwa makazi ya kawaida. Na kama kibali chako cha ukaazi kimeandikwa kwamba huruhusiwi kutumia fedha za umma, usiombe kabla ya kumuuliza mshauri wa uhamiaji, kwa sababu ombi hilo linaweza kukuharibia kibali. Mwenye uraia au ukaazi wa kudumu kwa kawaida hana shida hiyo, ingawa mzee aliyekuja na kibali cha kudhaminiwa na mwanawe naye aulize kwanza.

Lipo sharti moja linalowakamata sana watu wetu. Tangu 15 Mei 2019, mke na mume wanaoishi pamoja lazima wote wawili wawe wamefikia umri huo ndipo waombe. Mzee wa miaka 70 mwenye mke wa miaka 52 nyumbani hapati nyongeza hii. Wawili hao wanapelekwa kwenye mfumo wa watu wenye umri wa kufanya kazi, ambao ni mgumu zaidi na hulipa kidogo zaidi, mpaka mke naye afike. Waliokuwa wakilipwa tayari kabla ya tarehe hiyo waliachwa waendelee, lakini malipo yao yakikatika, wanaangukia kwenye sharti jipya.

Pengo linatoka wapi

Pensheni ya taifa ya mfumo mpya, kwa waliofikia umri kuanzia 6 Aprili 2016, ni pauni 230.25 kwa wiki ukiwa na miaka 35 ya michango. Ukiwa na miaka chini ya 10, kwa kawaida hupati kitu. Katikati hapo unapewa kwa mafungu, na kila mwaka ni takribani pauni 6.58. Waliotangulia, wa mfumo wa zamani, pensheni yao ya msingi ikiwa kamili ni pauni 176.45, na hiyo peke yake iko mbali chini ya kima.

Mtu wa kipato kidogo hukosa miaka kwa sababu ambazo hakuziona wakati ule. Mwaka hauhesabiwi kama mwajiri wako hakukulipa kiwango fulani, ambacho kwa mwaka ulioanza Aprili 2025 ni pauni 125 kwa wiki, na kila kazi hupimwa peke yake. Mama anayesafisha ofisi asubuhi kwa pauni 100 na jikoni jioni kwa pauni nyingine 100, kwa waajiri wawili tofauti, anashika pauni 200 mkononi lakini kwenye daftari la bima ya taifa mwaka ule unaweza kuwa mtupu. Ongeza miaka ya kazi za kulipwa taslimu bila hati, na miaka ya kulea wajukuu, utaona kwa nini mtu aliyechoka mwili mzima anastaafu na miaka 15 au 20 tu.

Tupige hesabu ya mtu mmoja

Chukua mama wa kubuni, ana miaka 67, mjane, anapanga nyumba ya halmashauri mjini Leicester. Alifanya kazi za usafi na za kufunga vyakula kiwandani, na ana miaka 20 ya michango. Pensheni yake ya taifa ni fungu la 20 kati ya 35, yaani pauni 131.57 kwa wiki. Kiwanda kilimwachia pensheni ndogo ya kazini ya pauni 11. Benki ana akiba ya pauni 13,200, nyingine ikiwa ni ya Hija na nyingine ya mazishi, kama anavyosema mwenyewe.

Akiba hiyo ndiyo humfanya aseme, "Mimi sitapata, nina pesa benki." Si kweli. Pauni 10,000 za mwanzo haziguswi kabisa. Zinazozidi hapo hugawanywa kwa mafungu ya 500, na kila fungu, hata kama halijajaa, linahesabiwa kama kipato cha pauni 1 kwa wiki. Za mama yetu zilizozidi ni 3,200. Mafungu kamili ni 6, na zinabaki 200 ambazo zinahesabiwa kama fungu la saba. Basi akiba yake inahesabiwa kuwa inamwingizia pauni 7 kwa wiki, hata kama benki haimpi riba hata senti. Wala hakuna kikomo cha akiba kinachokufungia mlango moja kwa moja, kama kilivyo kwenye misaada ya watu wenye umri wa kufanya kazi; akiba kubwa inapunguza tu kile unachojaziwa, mpaka pengo liishe.

Sasa jumlisha: 131.57, na 11, na 7, unapata 149.57. Kima ni 227.10. Pengo ni pauni 77.53 kwa wiki, na hicho ndicho anachojaziwa. Kwa mwaka ni zaidi ya pauni 4,000. Yote kwa mtu aliyekuwa na hakika kwamba "hastahili".

Tazama vizuri jambo moja katika hesabu hiyo, kwa sababu lina uchungu wake. Zile pauni 11 za kiwandani hazikumnufaisha kitu. Asingekuwa nazo, angejaziwa pauni 88.53, na angefika palepale. Nyongeza ni kama kujaza mtungi hadi alama: maji yawe ya kisima au ya mvua, alama haisogei. Mimi naona huu ni uonevu kwa mtu wa chini aliyejinyima akaweka kidogo, na serikali yenyewe ililijua hilo, ndiyo maana iliweka sehemu ya pili ya kuwafuta jasho waliodunduliza. Lakini sehemu hiyo ilifungwa kwa wote waliofikia umri wa pensheni kuanzia 6 Aprili 2016. Kama mzazi wako alifika kabla ya tarehe hiyo, waulize kuhusu sehemu hiyo pia. Haizidi pauni 17.30 kwa wiki kwa mtu mmoja.

Kutokana na hesabu hiyohiyo kuna kosa la gharama kubwa ambalo unaweza kuliepuka. Mtu anayekaribia kustaafu anaambiwa anunue miaka iliyopungua kwenye michango yake, na mwaka mmoja kwa kiwango cha 2025 ni karibu pauni 923. Kwa mwenye kipato kizuri ni biashara nzuri sana. Kwa mama yetu ni kutupa fedha: atatoa 923, pensheni ya taifa itapanda pauni 6.58, na nyongeza itashuka pauni 6.58. Hata hivyo, kama nia yake ni kurudi kuishi Tanga au Mombasa moja kwa moja, hesabu inageuka, kwa sababu pensheni ya taifa humfuata mtu alipo, ilhali nyongeza hailipwi nje ya nchi kabisa. Kwa hiyo kabla ya kununua mwaka hata mmoja, amua kwanza utazeekea wapi. Na ujue kwamba pensheni ya taifa ikilipwa Tanzania au Kenya hugandishwa kwenye kiwango cha siku ulipohamia; kule kupandishwa kwa kila Aprili hukuoni tena.

Vinavyohesabiwa na visivyohesabiwa

Pensheni yoyote inahesabiwa, pamoja na ile ya mfuko wa hifadhi ya jamii uliyoichuma Dar es Salaam au Nairobi kabla hujahama. Itageuzwa kuwa pauni na kuingizwa kwenye hesabu. Mshahara nao unahesabiwa, isipokuwa kiasi kidogo kinachosamehewa, pauni 5 za wiki kwa mtu mmoja na 10 kwa wawili, zaidi kidogo kwa baadhi ya walezi na wagonjwa. Posho za ulemavu na za kuhudumiwa hazihesabiwi. Mtoto akikusaidia kwa hiari yake, hiyo nayo kwa kawaida haihesabiwi.

Lakini fedha unazotuma nyumbani hazikupunguzii kipato. Mzee akiingiza pauni 240 na kutuma 60 kila wiki kwa ndugu Lamu, kwa hesabu ya ofisi bado anaingiza 240. Nimewahi kuona watu wakibeba lundo la risiti za kutuma fedha kwenda kwa mshauri, wakidhani zitawasaidia. Hazisaidii kwa hilo.

Nyumba unayoishi haihesabiwi kuwa mali. Nyumba au kiwanja ulichonacho nyumbani kinahesabiwa. Hapa ndipo watu wanaponyamaza, na kunyamaza ndiko kunakozaa deni baadaye. Kitaje. Thamani inayotakiwa ni ile ambayo mali ingeuzwa huko iliko, ukatoa asilimia 10 kwa gharama za kuuza na deni lolote lililoegemezwa juu yake. Ikiwa ni nyumba ya mirathi ambayo haijagawanywa, kinachotakiwa ni thamani ya fungu lako, si ya nyumba nzima, na fungu ndani ya nyumba iliyojaa ndugu halina wanunuzi wengi. Tena upo msamaha ambao wengi hawaujui: nyumba ikikaliwa na ndugu yako wa karibu ambaye amefikia umri wa pensheni, au ambaye hajiwezi kwa maradhi, thamani yake haiingii kabisa kwenye hesabu. Kama dada yako wa miaka 72 ndiye anayekaa kwenye nyumba yenu ya Pangani, liandike hilo waziwazi, na uwe na barua ya sheha au ya serikali ya mtaa inayoonyesha nani anaishi humo.

Vivyo hivyo fedha za upatu. Kama wewe ndiye mweka hazina na fedha za kina mama wenzako zimepitia kwenye akaunti yako, si mali yako, lakini taarifa ya benki haijui hilo. Weka daftari lenye majina, tarehe na nani amepokea mwezi gani. Bila daftari, ofisa ana haki ya kuona pauni 4,000 zimelala kwako na kuzihesabu.

Usihamishe akiba kwa watoto ili ionekane huna. Wakiona kwamba ulitoa fedha kwa lengo la kupata au kuongeza nyongeza, watakuhesabia kana kwamba bado unazo. Kulipa deni la kweli, kutengeneza paa, au kugharamia Hija yako mwenyewe kwa gharama ya kawaida ni matumizi halali. Tunza tu risiti.

Kima chenyewe kinaweza kupanda

Sehemu hii ndiyo yenye fedha nyingi, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Pauni 227.10 ni kima cha msingi. Juu yake huwekwa viongezo kwa mwenye ulemavu mkubwa, kwa mlezi, na kwa mwenye mtoto au mjukuu anayemlea kisheria. Kiongezo cha ulemavu mkubwa peke yake ni pauni 82.90 kwa wiki.

Ufunguo wake kwa mzee ni posho nyingine, iliyoandikwa kwenye fomu Attendance Allowance. Hiyo hupewa mtu aliyefikia umri wa pensheni ambaye kwa muda wa miezi 6 amehitaji kusaidiwa au kuangaliwa kwa sababu ya maradhi: kuvaa, kuoga, kwenda msalani, kunywa dawa kwa wakati, kutoachwa peke yake kwa kuogopa kuanguka. Haitazami kipato wala akiba. Kiwango cha chini ni pauni 73.90 na cha juu ni 110.40. Si lazima awepo mtu anayekusaidia kwa kweli; kinachopimwa ni kwamba unauhitaji msaada huo.

Turudi kwa mama yetu. Magoti na sukari vimemzidi, akaomba, akapewa kiwango cha chini, pauni 73.90. Fedha hizo hazihesabiwi kuwa kipato. Na kwa kuwa anaishi peke yake na hakuna mtu anayelipwa posho ya ulezi kwa ajili yake, kima chake sasa ni 227.10 na 82.90, jumla 310.00. Toa kipato chake kilekile cha 149.57, pengo linakuwa 160.43. Fedha taslimu anazoshika kwa wiki ni pensheni 131.57, ya kiwandani 11, nyongeza 160.43, na posho 73.90. Hizo ni pauni 376.90. Kabla hajaomba chochote alikuwa anashika 142.57.

Viongezo hivi pia vinamfaa mwenye pensheni kamili ya mfumo mpya. Yeye ana 230.25, amevuka kima cha msingi kwa pauni tatu na ushei, na ndiyo maana huambiwa haraka kwamba hastahili. Akipata kiongezo cha ulemavu kima chake kinakuwa 310, na anajaziwa karibu pauni 80. Kwa hiyo aliyenyimwa mwaka juzi aombe tena siku hali yake ya afya inapobadilika.

Sasa tahadhari. Mtoto wa mama yetu ametengana na mkewe, anarudi kwa mama na mabegi mawili. Kiongezo cha 82.90 kinaondoka, kwa sababu mama haishi tena peke yake kwa macho ya sheria, na nyongeza inarudi 77.53. Posho yake ya 73.90 haiguswi, na kima cha msingi hakiguswi. Mtoto mtu mzima nyumbani hakuondolei nyongeza ya kawaida. Au tuseme binti anayekuja kila siku kumwogesha anaamua kuomba posho ya ulezi. Ni haki yake, lakini akishaanza kulipwa kwa ajili ya mama, kiongezo cha mama kinakatika. Kabla binti hajajaza fomu, wakae wote wawili na kalamu waone familia kwa ujumla inapata au inapoteza. Mara nyingine inafaa, hasa kama binti ameacha kazi. Mara nyingine fedha zinahama tu kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, na kidogo zinapotea njiani.

Kuomba

Hata kama pengo lako ni pauni 2, omba. Anayejaziwa kufikia kima hiki, hata kwa kiasi hicho, kwa kawaida hupata pia msaada wa kodi ya nyumba kwa mpangaji, kupunguziwa au kufutiwa kodi ya halmashauri, matibabu ya meno bila malipo, punguzo la umeme la pauni 150, na akifika miaka 75 leseni ya televisheni ya bure. Kwa mpangaji, hivi vinavyofuatia mara nyingi vinazidi nyongeza yenyewe. Msaada wa kodi na wa halmashauri unaweza kudai ombi lake kwenye halmashauri, kwa hiyo usikae ukidhani vitakuja vyenyewe.

Unaweza kuomba miezi 4 kabla ya kufikia umri. Ukishapita umri, omba siku yoyote, na malipo yanaweza kurudishwa nyuma hadi miezi 3 kama ulikuwa unastahili muda huo wote. Huhitaji kueleza kwa nini ulichelewa. Zaidi ya miezi 3 imepotea. Mama yetu akichelewa mwaka mzima, atarudishiwa miezi 3, na pauni elfu tatu hivi hazirudi.

Njia ya simu ndiyo ninayoipendekeza kwa wazee, namba 0800 99 1234, haina gharama. Tovuti ni gov.uk/pension-credit. Kwenye simu mtu anauliza maswali na kujaza fomu mwenyewe. Mwanzoni kabisa sema unataka mkalimani wa Kiswahili. Ni bora kuliko mjukuu wa miaka 14 anayetafsiri neno la pensheni kwa kubahatisha. Ukipiga simu kwa niaba ya mzazi, awe kando yako, maana watataka kumsikia mwenyewe akikubali wewe useme. Weka mezani namba ya bima ya taifa, taarifa za benki za akaunti zote pamoja na ile ya zamani yenye pauni 40, barua ya pensheni ya kazini, na maelezo ya kodi ya nyumba. Kiasi cha akiba taja cha tarehe unayotaka malipo yaanzie, si cha leo tu.

Barua ikija, usiangalie kiasi cha mwisho peke yake. Ndani mna ukurasa wa hesabu. Tafuta vitu vitatu: kima walichokuwekea na kama viongezo vimo, kipato walichokuandikia kutoka kila chanzo kwa wiki, na kipato kinachotokana na akiba. Kosa la kawaida ni pensheni ya kazini iliyotajwa kwa mwezi ikaingizwa kwa wiki. Pauni 48 za mwezi zikiandikwa za wiki, zinakula zaidi ya pauni 36 za nyongeza yako kila wiki, na hakuna atakayekwambia. Ukiona kosa, una mwezi mmoja tangu tarehe ya barua kuomba uamuzi uangaliwe upya. Wakikataa tena, una mwezi mwingine kwenda kwenye baraza la rufaa, ambalo halitozi ada. Kwa kesi ya nyumba ya ng'ambo au ya kibali, usiende peke yako; ofisi za ushauri wa raia na mashirika ya wazee husaidia bila malipo.

Safari ya nyumbani

Nyongeza inaendelea ukiwa nje ya nchi kwa wiki 4 tu, na sharti ni kwamba tangu unaondoka hukutarajia kuzidisha wiki 4. Mzee anayekata tiketi ya miezi mitatu kukimbia baridi hapati hata hizo nne. Haki yake inakatika tangu siku ya kuondoka. Kama amefiwa na mwenza, mtoto au ndugu wa karibu, na haiwezekani kurudi mapema, muda unaweza kufika wiki 8. Kama safari ni ya matibabu, hadi wiki 26, na utahitaji karatasi za daktari.

Wengi huondoka kimya. Ikija kujulikana, ofisi inadai kila pauni iliyolipwa isivyo haki, na msaada wa kodi ya nyumba nao unafuata mkondo huohuo. Piga simu kabla ya kusafiri, taja tarehe ya kwenda na ya kurudi, andika jina la aliyekupokea na saa. Ukizidisha muda, nyongeza itakatika, na utalazimika kuomba upya ukirudi. Kwa mke na mume wa rika tofauti wanaolipwa kwa sharti la zamani la kabla ya Mei 2019, ombi hilo jipya halitakubaliwa mpaka mdogo wao afikie umri. Wao wasizidishe wiki 4 hata kwa siku moja bila sababu inayoruhusiwa.